Kizuizi shindani au kisicho shindani? Namna ya kuamua kwa grafu ya vinyume viwili

Kimeng'enya kinapopungua kasi baada ya kuongezewa kemikali fulani, swali la kwanza ni kama kemikali hiyo inagombea nafasi moja na sabstreti au inakaa pengine na kukilemaza kimeng'enya hata sabstreti ikiwa imeshaingia. Hali ya kwanza ni uzuiaji shindani, ya pili ni uzuiaji usio shindani. Kwenye vitabu tofauti yake ni rahisi kuiona, kwa kuwa mistari imechorwa kwa rula na nukta zote zimekaa mahali pake. Maabara hali ni nyingine. Mistari miwili inaweza kupanda kwa mteremko uleule kabisa, na kinachozitenganisha hali hizi kimejificha kwenye kona ndogo ya kushoto ya grafu. Kona hiyo ndiyo tutakayoishughulikia hapa.

Mfano wetu ni fosfatasi ya alkali itokayo kwenye utumbo wa ndama, kimeng'enya kinachopatikana kwa urahisi na kinachotumika sana kufundishia. Sabstreti yake ni paranitrofenili fosfati, ambayo kwa kifupi huandikwa pNPP. Kimeng'enya kinapoikata fosfati, hubaki paranitrofenoli, ambayo kwenye alkali ni ya njano na hufyonza mwanga wa nanomita 405. Mgawo wake wa ufyonzaji ni karibu 18,000 kwa mola kwa sentimita, kwa hiyo ongezeko la ufyonzaji la 0.018 kwa dakika kwenye kuveti ya sentimita 1 ni sawa na mikromola 1 ya zao kwa dakika. Uzuri wa kimeng'enya hiki kwa somo letu ni kwamba fosfati yenyewe, yaani zao la pili la mmenyuko, ni kizuizi shindani chake halisi.

Grafu inasema nini

Mwaka 1934 Hans Lineweaver na Dean Burk walichukua mlinganyo wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913 na kuugeuza juu chini pande zote mbili. Mchirizo uliopinda ukawa mstari ulionyooka:

```
1/v = (Km/Vmax) * (1/[S]) + 1/Vmax
```

Vmax ni kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya, na Km ni mkolezo wa sabstreti unaotoa nusu ya kasi hiyo. Mhimili wa wima unabeba 1/v, yaani kinyume cha kasi ya mwanzo. Mhimili wa mlalo unabeba 1/[S], kinyume cha mkolezo wa sabstreti. Mstari unapokata mhimili wa wima ndipo ilipo 1/Vmax. Ukiurefusha kushoto hadi ukate mhimili wa mlalo, upande wa hasi, unapata −1/Km. Mteremko wake ni Km gawa kwa Vmax.

Kinachowapotosha wengi ni mwelekeo. Kwa kuwa ni vinyume, sabstreti nyingi iko kushoto na sabstreti kidogo iko kulia. Kasi kubwa iko chini na kasi ndogo iko juu. Mstari wenye kizuizi hupanda juu ya ule usio na kizuizi kwa sababu kasi imepungua. Pale mhimili wa wima ulipo, 1/[S] ni sifuri, maana yake sabstreti imejaa kupita kiasi chochote kinachoweza kumiminwa kwenye kuveti. Hakuna nukta ya kipimo inayoweza kukaa pale, hivyo thamani ya pale hupatikana kwa kuurefusha mstari tu.

Kumbuka hilo, na tofauti ya vizuizi viwili itakuja yenyewe. Kizuizi shindani kinagombea eneo tendaji. Sabstreti ikiongezwa bila kikomo inakishinda, na kimeng'enya kinarudi kwenye kasi yake ya juu. Kwa hiyo mistari miwili inakutana kwenye mhimili wa wima: Vmax ni ileile, lakini Km inaonekana kubwa zaidi. Kizuizi kisicho shindani hakijali sabstreti ni nyingi kiasi gani. Kinashika kimeng'enya kitupu na kimeng'enya chenye sabstreti kwa nguvu sawa, na sehemu ileile ya kimeng'enya inakuwa haifanyi kazi wakati wote. Vmax inashuka na Km inabaki palepale, hivyo mistari inakutana kwenye mhimili wa mlalo.

Vizuizi viwili, kimeng'enya kimoja

Tuchukue namba safi zilizokokotolewa kwa mlinganyo ili kila hatua ionekane. Kimeng'enya chetu kina Km ya milimola 0.2 na Vmax ya mikromola 5.0 kwa dakika. Kizuizi A ni shindani na kizuizi B si shindani. Kila kimoja kimewekwa kwa mkolezo wa milimola 0.3. Safu za v ni mikromola kwa dakika.

| [S], mM | 1/[S] | v bila kizuizi | v na A | v na B | 1/v bila kizuizi | 1/v na A | 1/v na B |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 0.05 | 20 | 1.00 | 0.455 | 0.40 | 1.00 | 2.20 | 2.50 |
| 0.10 | 10 | 1.67 | 0.833 | 0.667 | 0.60 | 1.20 | 1.50 |
| 0.20 | 5 | 2.50 | 1.43 | 1.00 | 0.40 | 0.70 | 1.00 |
| 0.40 | 2.5 | 3.33 | 2.22 | 1.33 | 0.30 | 0.45 | 0.75 |
| 1.00 | 1 | 4.17 | 3.33 | 1.67 | 0.24 | 0.30 | 0.60 |

Chora mistari mitatu. Usio na kizuizi unakata wima kwenye 0.20 na una mteremko wa 0.04. Wa A unakata wima palepale 0.20, ila mteremko wake ni 0.10. Ukiurefusha kushoto unakata mlalo kwenye −2, kwa hiyo Km inayoonekana ni milimola 0.5 badala ya 0.2. Wa B unakata wima kwenye 0.50, yaani Vmax imeshuka hadi 2.0, na unakata mlalo kwenye −5, palepale ule usio na kizuizi unapokata. Mteremko wake nao ni 0.10.

A na B zina mteremko mmoja. Mistari yao ni sambamba. Anayeangalia mteremko peke yake hawezi kuzitenganisha, na mteremko ndicho kitu kinachovuta macho kwanza kwenye grafu ya aina hii. Uamuzi wote umo kwenye mkato wa wima: 0.20 au 0.50.

Sasa rudi kwenye jedwali na uangalie safu za kasi. Kwenye sabstreti ya milimola 0.05, A inatoa 0.455 na B inatoa 0.40. Hizo ni namba mbili ambazo spektrofotomita ya kawaida inaweza kushindwa kuzitofautisha. Kwenye milimola 1.0, A inatoa 3.33 na B inatoa 1.67, mara mbili kamili. Habari inayoamua iko kwenye sabstreti nyingi. Lakini kwenye grafu nukta ya milimola 1.0 imebanwa kushoto kabisa pamoja na ya 0.40, huku ile ya 0.05, isiyosaidia kuamua, imesimama peke yake mbali kulia na kushika usukani wa mstari mzima.

Nukta moja inavyoweza kubadilisha jibu

Tuseme kila kitu kimepimwa sawasawa isipokuwa nukta ya 0.05 kwenye mfululizo wa A, iliyosomwa chini kwa mikromola 0.1 kwa dakika. Hilo ni kosa la ufyonzaji wa 0.0018 kwa dakika, au karibu 0.005 kwa dakika tatu nzima. Alama ya kidole kwenye kuveti inatosha kulileta.

Kasi inakuwa 0.355 badala ya 0.455. Kinyume chake kinaruka kutoka 2.20 hadi 2.82. Ukipitisha mstari kwa njia ya kawaida ya miraba midogo kabisa bila kuzipa nukta uzito tofauti, mteremko unapanda hadi 0.132 na mkato wa wima unashuka kutoka 0.20 hadi 0.076. Vmax inayotoka ni 13.2 na Km ni milimola 1.75. Kizuizi shindani sasa kinaonekana kama kimeongeza kasi ya juu ya kimeng'enya mara mbili na nusu, jambo ambalo hakiwezi kulifanya.

Kosa lilelile likitokea kwenye mfululizo wa B, kasi ya 0.40 inakuwa 0.30 na kinyume chake kinapanda kutoka 2.5 hadi 3.33. Mkato wa wima unashuka kutoka 0.50 hadi 0.33, Vmax inasomeka 3.0 na Km inasomeka milimola 0.43. Mistari haikutani tena kwenye mhimili wa mlalo wala kwenye wa wima. Inakutana katikati, na mwandishi wa ripoti anaandika kwamba uzuiaji ni wa mchanganyiko. Kumbe ni kosa la kipimo kimoja.

Chanzo chake ni hesabu yenyewe ya kinyume. Kosa la 0.1 kwenye kasi ya 0.40 linaweza kukisogeza kinyume popote kati ya 2.0 na 3.33. Kosa hilohilo kwenye kasi ya 1.67 linakisogeza kati ya 0.565 na 0.64 tu. Grafu inakuza makosa ya kasi ndogo, kisha inayaweka mbali na kitovu ambako yana nguvu ya kuugeuza mstari.

Kwa sababu hiyo, itumie grafu ya vinyume viwili kutazama umbo la uzuiaji, na Vmax na Km zitafute kwa kulinganisha mlinganyo asili na kasi zenyewe. Programu ya R inafanya hivyo kwa mistari michache. Hapa tumeiwekea mfululizo wa A pamoja na nukta yake mbovu:

```r
S <- c(0.05, 0.1, 0.2, 0.4, 1.0)
v <- c(0.355, 0.833, 1.43, 2.22, 3.33)
coef(nls(v ~ Vm*S/(Km+S), start=list(Vm=5, Km=0.5)))
```

Vmax inatoka karibu 5.1 na Km karibu 0.52. Data ni zilezile na kosa ni lilelile, lakini jibu limesogea kidogo tu kutoka 5.0 na 0.5. Mtu anayelinganisha 13.2 na 5.1 hahitaji hoja nyingine.

Kipimo cha haraka kabla ya kuchora

Upo ukaguzi rahisi zaidi ya grafu, na unastahili kufanywa kwanza. Kwa kila mkolezo wa sabstreti, gawanya kasi yenye kizuizi kwa kasi isiyo na kizuizi, upate asilimia iliyobaki. Kwa A, kutoka sabstreti kidogo hadi nyingi, unapata 45.5, 50, 57, 67, 80. Kwa B unapata 40, 40, 40, 40, 40.

Asilimia ikipanda kadiri sabstreti inavyoongezeka, sabstreti inakishinda kizuizi, na hiyo ndiyo dalili ya ushindani. Ikikaa palepale, uzuiaji si shindani. Ikishuka, una aina ya tatu, ambamo kizuizi kinashika kimeng'enya pale tu sabstreti imeshaingia. Aina hii huchanganywa mara nyingi na B kwa sababu Vmax hushuka kote kuwili. Fosfatasi ya utumbo inatupa mfano wake halisi: asidi amino ya L-fenilalanini huizuia hivyo. Kwenye grafu ya vinyume viwili mistari yake haikutani popote. Ule wenye kizuizi ni sambamba na usio na kizuizi, umepanda juu tu, na Vmax na Km zote mbili zimepungua kwa kiwango kimoja.

Angalia kwamba usambamba huu ni kati ya mstari wenye kizuizi na mstari usio nacho. Ule wa A na B ulikuwa kati ya vizuizi viwili tofauti, na ulitokana tu na namba tulizochagua.

Ukiwa na nafasi ya kuongeza nukta moja tu kwenye jaribio, ongeza ya milimola 2, yaani mara kumi ya Km. Pale A inaachia asilimia 88 ya kasi na B inaachia asilimia 40 ileile. Nukta moja ya aina hiyo ina thamani kuliko tatu zilizoongezwa upande wa sabstreti kidogo.

Kupanga jaribio

Ujazo wa mwisho uwe mililita 1. Weka mikrolita 500 za bafa yenye nguvu maradufu. Dietanolamini ya pH 9.8 yenye magnesi kloridi inafaa. Kutoka kwenye akiba ya pNPP ya milimola 10, mikrolita 20, 40 na 100 zitakupa milimola 0.2, 0.4 na 1.0. Kwa mikolezo miwili ya chini, zimua akiba hiyo hadi milimola 1 kwanza, kisha chukua mikrolita 50 na 100. Kuvuta mikrolita 5 za akiba kali ndiko kunakozaa nukta mbovu kama ile tuliyoiona. Kizuizi ni mikrolita 30 za akiba ya milimola 10, na kwenye kuveti zisizo na kizuizi weka mikrolita 30 za kimiminiko kilekile kilichokiyeyusha. Maji yajaze hadi mikrolita 980, acha joto litulie, kisha maliza kwa mikrolita 20 za kimeng'enya.

Usitumie bafa ya fosfati. Utakuwa umemimina kizuizi shindani kwenye kila kuveti, ikiwamo ile unayoiita haina kizuizi, na Km yote itatoka kubwa. Bafa ya glisini nayo hushika madini ya zinki ambayo kimeng'enya hiki kinayahitaji.

Kiasi cha kimeng'enya kipangwe kwa kuangalia kuveti yenye sabstreti kidogo zaidi. Kwa mfano wetu, kasi ya mikromola 1.0 kwa dakika kwenye sabstreti ya mikromola 50 inakula asilimia 2 kwa dakika, hivyo dakika tatu zinakula karibu asilimia 6. Hapo bado ni kasi ya mwanzo. Kimeng'enya kikiwa mara kumi zaidi, sabstreti itapungua kwa asilimia karibu 20 ndani ya dakika moja, mstari wa ufyonzaji utapinda mapema, na kasi utakayoisoma itakuwa ya chini kuliko ya kweli hasa kwenye mkolezo ule wa chini. Kwenye fosfatasi kuna na sababu ya pili: fosfati inayozaliwa inaanza kuzuia. Kwa hiyo chora ufyonzaji dhidi ya muda kwa kila kuveti na uhakikishe umenyooka kabla ya kuchukua mteremko wake. Kipimo cha mwisho peke yake, bila mwenendo wa njiani, hakikuonyeshi kasoro hii.

Weka pia kuveti isiyo na kimeng'enya kwa kila mkolezo wa sabstreti. pNPP hukatika polepole yenyewe, na akiba iliyokaa siku nyingi huwa ya njano kabla hujaanza.

Kinachojifanya kisicho shindani

Hapa ndipo maamuzi mengi huharibika. Chochote kinachoua sehemu ya kimeng'enya, bila kukigusa kilichobaki, kinashusha Vmax na kuiacha Km palepale. Grafu yake haina tofauti na ya B hata kidogo.

EDTA kwenye fosfatasi ya alkali ni mfano mzuri. Inanyofoa zinki na magnesi, na kimeng'enya kilichonyang'anywa zinki hakifanyi kazi. Ukichora utaona mistari ikikutana kwenye mhimili wa mlalo, ukaandika kisicho shindani na ukakokotoa Ki, yaani mkolezo unaopima jinsi kizuizi kinavyoshika kimeng'enya, ambao ukiwa mdogo kinashika kwa nguvu zaidi. Namba hiyo haina maana, kwa sababu inategemea umeiacha EDTA na kimeng'enya kwa muda gani na bafa ilikuwa na madini kiasi gani. Vizuizi vinavyojifunga kwa kimeng'enya moja kwa moja visiachie, kama viuatilifu vya oganofosfati kwenye kolinesterasi, hutoa picha ileile.

Majaribio mawili yanavitenganisha na kizuizi kisicho shindani cha kweli. La kwanza ni la muda. Changanya kimeng'enya na kizuizi bila sabstreti, kisha pima kasi baada ya dakika 1, 10 na 30. Kizuizi cha kawaida kinachoshika na kuachia kitatoa kasi ileile mara zote tatu. Kasi ikiendelea kushuka, kuna kitu kinachokufa au kinachonyofolewa taratibu. Weka na kimeng'enya kitupu kwa muda uleule, kisije kikawa kinaharibika chenyewe.

La pili ni la kuzimua. Chukua kimeng'enya kilichokolezwa mara 100 ya kipimo chako, ukichanganye na kizuizi kwa mkolezo mara 10 ya ule unaopunguza kasi nusu, acha kikae, kisha zimua mara 100 ndani ya myeyusho wenye sabstreti. Sasa kizuizi kimebaki sehemu ya kumi ya mkolezo wa kupunguza nusu. Kama kinaachia, kasi itarudi kwenye karibu asilimia 91. Isiporudi, usiite kisicho shindani. Andika kwamba hakiachii, au kinaachia polepole mno.

Anayepima dondoo za mimea ana mtego wa ziada. Tanini hushikana na protini yoyote bila kuchagua, na molekuli nyingi zenye mafuta hujikusanya kuwa chembe ndogo zinazomeza kimeng'enya. Vyote viwili hutoa grafu ya B. Rudia kipimo ukiwa umeongeza sabuni ya maabara iitwayo Triton X-100 ya asilimia 0.01. Uzuiaji ukitoweka, ulikuwa unapima mkusanyiko wa chembe. Dondoo pia huwa na rangi inayofyonza kwenye nanomita 405, kwa hiyo inahitaji kuveti yake ya kutolea, yenye dondoo na sabstreti bila kimeng'enya. Na hata grafu ikitoka safi, dondoo ni mchanganyiko: kiungo kimoja shindani na kingine kisicho shindani vikiwa pamoja vitaonekana kama uzuiaji mchanganyiko wa dutu moja.

Mkolezo mmoja wa kizuizi hautoshi

Mstari mmoja wenye kizuizi unaonyesha mwelekeo tu. Ili uwe na uhakika, fanya mikolezo mitatu ya kizuizi pamoja na sifuri. Kwa A na B zetu, kwenye milimola 0, 0.15, 0.3 na 0.6, miteremko itakuwa 0.04, 0.07, 0.10 na 0.16. Chora miteremko hiyo dhidi ya mkolezo wa kizuizi. Mstari utanyooka na ukiurefusha kushoto utakata mlalo kwenye −0.2, kwa hiyo Ki ni milimola 0.2. Hesabu ya mkolezo mmoja inakubaliana nayo: mteremko umeongezeka mara 2.5, na 0.3 gawa kwa 1.5 ni 0.2.

Kisha fanya vivyo hivyo kwa mikato ya wima. Kwa A itakuwa 0.20 mara zote nne, mstari wa mlalo usiopanda. Kwa B itakuwa 0.20, 0.35, 0.50 na 0.80, nayo itakata kwenye −0.2 vilevile. Grafu hizi mbili ndogo zinaamua kwa uhakika kuliko ile kubwa, kwa kuwa kila nukta yake imekusanya habari ya mfululizo mzima. Miteremko ikipinda kuelekea juu, huenda molekuli zaidi ya moja ya kizuizi zinashika kimeng'enya kimoja, na hapo mlinganyo wa kawaida haufai tena.

Mara nyingi utakachopata si A wala B kwa ukamilifu. Kizuizi kinachoshika kimeng'enya kitupu na kimeng'enya chenye sabstreti kwa nguvu sawa kabisa ni adimu. Kilicho cha kawaida zaidi ni kupendelea upande mmoja, na mistari kukutana kushoto mwa mhimili wa wima, juu au chini ya mlalo. Ikikutana juu, kizuizi kinapendelea kimeng'enya kitupu. Ikikutana chini, kinapendelea chenye sabstreti. Kwa hali hiyo toa Ki mbili: ya kimeng'enya kitupu kutoka kwenye grafu ya miteremko, na ya kimeng'enya chenye sabstreti kutoka kwenye grafu ya mikato. Ya kwanza ikiwa 0.2 na ya pili 0.6, andika kwamba uzuiaji ni wa mchanganyiko, na kwamba kizuizi kinashika kimeng'enya kitupu kwa nguvu mara tatu. Ya pili ikiwa kubwa kiasi kwamba mkato wa wima haukusogea nje ya kosa la kipimo, andika shindani, na utaje sabstreti ya juu kabisa uliyofika ikilinganishwa na Km. Neno shindani kwa data zilizoishia kwenye nusu ya Km na neno hilohilo kwa data zilizofika mara kumi ya Km havina uzito sawa, na msomaji wa ripoti anahitaji kujua ni lipi analoletewa.